Dakika nne za saa tatu usiku

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Singida mjini. Nafanya biashara ya alizeti: nanunua vijijini huko Ikungi na Mkalama, nauza kwa wenye mashine za kukamua. Mchumba wangu ana miaka 28, ni mhasibu wizarani, anafanya kazi Mtumba na amepanga Kisasa, hapo Dodoma. Huu ni mwaka wetu wa tatu.*

*Zamani tulikuwa tunaongea kila siku saa tatu usiku, nusu saa, wakati mwingine mpaka dakika zinaisha. Tangu Aprili mambo yamebadilika. Napiga, tunaongea dakika nne, tano, anasema amechoka. Jumanne iliyopita aliniambia amerudi saa mbili, amekula chipsi, mkuu wake amemrudishia hati zote za malipo azirekebishe, jirani yake amejifungua mapacha, akaniaga. Basi, ndiyo hayo tu. Meseji nikituma saa mbili asubuhi anajibu saa kumi jioni, "poa", "nipo". Tiki za bluu naziona. Jumamosi nilimwona yuko onlaini saa tano usiku na meseji yangu hajaigusa.*

*Aliniambia Juni 30 ikipita atapumua. Sasa Julai inaisha na hali ni ileile. Sabasaba alikuwa nyumbani akalala kutwa nzima. Jumapili tu ndiyo anapiga mwenyewe asubuhi kabla ya kanisa, hapo tunaongea kidogo. Barua ya posa nikimuuliza tuipeleke lini, anasema "tutaongea".*

*Mwezi huu nilikaa kimya siku mbili makusudi nione. Siku ya pili jioni ndipo akauliza, "Uko salama?" Marafiki wananiambia nipande basi niende Dodoma bila kumwambia, nitaujua ukweli. Shangazi, huyu ana kazi, au moyo umeshahama?*

Marahaba mwanangu, na mbukwa kutoka Dodoma.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye mambo mawili uliyoyaandika kama mtu anayepita njia. La kwanza ni Jumapili. La pili ni posa. Hizo tiki na hiyo saa tano usiku nitazigusa, maana najua ndizo zinazokunyima usingizi, lakini jibu lako limekaa kwenye hayo mawili. Tatizo ni kwamba yanavutana.

Kwanza tuizungumze kazi yake, kwa sababu aliyekwambia Juni 30 alikupa nusu ya kalenda. Mdogo wangu wa kike amekuwa mhasibu serikalini miaka mingi, kwa hiyo habari hii naijua kutokea sebuleni kwangu. Bunge la bajeti linaanza Aprili, hapahapa Dodoma, na wizara zinapanda moja baada ya nyingine kuombea fedha zao. Wahasibu na watu wa mipango wanakaa mkao wa kuitwa: mbunge akiuliza fedha fulani imeenda wapi, jibu halingoji kesho. Juni ndiyo mbaya kuliko yote. Kila idara inakumbuka madai yake, kila mzabuni anataka chake kabla mwaka wa fedha haujafungwa, na malipo yote yanapita kwenye mfumo, wenyewe wanauita MUSE. Hati yenye kosa dogo inarudi kwa aliyeiandaa, naye anaanza upya wakati siku zinahesabika. Saa za kazi zinaisha saa tisa na nusu alasiri, lakini mwezi huo mdogo wangu nilikuwa namkuta amelala kwenye kochi na miwani usoni, viatu hajavua.

Wewe ukaisubiri Julai ikuletee mchumba wako wa zamani. Julai mhasibu wa serikali hapumziki. Mwaka ukishafungwa anaanza kuandaa hesabu za mwisho za mwaka huo, na hizo lazima zimfikie CAG ndani ya miezi mitatu, yaani kufikia Septemba 30. Huko ndani kuna kusuluhisha hesabu za benki, kuorodhesha madeni na mali, kutafuta hati ya Novemba ambayo hakuna anayekumbuka ilifungiwa kabati gani. Kama kuna mwezi wa kupumua, utafute kuanzia Oktoba, na hapo napo wakaguzi watakuja na maswali yao. Kwa nini basi alikwambia Juni 30? Nadhani hata yeye alikuwa anajiliwaza. Mdogo wangu alisema hivyohivyo kila mwaka, na mimi kila mwaka niliamini.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtu aliye kwenye hali yako ni hili: siku simu zilipoanza kufupika, kule kazini kwake kulikuwa kumeanza nini? Kwako tarehe zinakubali, Aprili kwa Aprili. Kama ungeniambia yalianza Januari, kabla ya Bunge na kabla ya yote, ningekuandikia barua nyingine kabisa. Lakini usiifanye kalenda kuwa hakimu. Mtu anayeondoka anaweza kujificha vizuri sana nyuma ya Juni, hasa akijua unaiheshimu kazi yake. Tarehe zinakwambia kwamba sababu aliyokupa inawezekana. Kwamba ni ya kweli, unahitaji kuangalia kwingine.

Kwingine kwenyewe ni huku. Kazi ikimzidi mtu inakata kila kitu kwa kipimo kimoja. Simu yako inafupika, na ya mama yake inafupika. Kufua kunalala, kwaya anakosa, nywele zinakaa mwezi hazijasukwa. Moyo unaopoa haukati hivyo, wenyewe unachagua. Huyu utamsikia ana nguvu ya harusi ya rafiki na ya safari ya kikundi, na siku hiyohiyo hana nguvu ya kukusikiliza. Na hata ndani ya simu yenyewe anachagua: mambo ya hali ya hewa na "umekula?" atayaongea, ila yale yanayofunga watu wawili pamoja yanapungua moja baada ya jingine. Acha kuhesabu dakika, sikiliza kilichobaki ndani yake.

Irudie ile simu ya Jumanne. Wewe umeiandika kama malalamiko, mimi nimeisoma kama ushahidi wa upande wake. Ndani ya dakika nne amekuletea alichokula, saa aliyorudi, habari ya mtaani, na ameleta jambo lililomuuma. Kurudishiwa hati zote si habari ndogo kwa mhasibu, wenzake wanaona, na mara nyingine ni aibu. Hilo hakulazimika kukwambia. Mtu anayetoka taratibu, kitu cha kwanza anachoacha kukuletea ni aibu zake na watu wake. Siku yake inageuka "kawaida tu", "kazi tu", majina ya majirani yanapotea, na siku moja unashtuka hujui hata anakula wapi mchana. Wako hajafika huko. Ila nina swali dogo: alipokwambia za hati, ulimjibu nini? Hujaandika. Nina wasiwasi ulimjibu, "Mbona unaniaga mapema?"

Sasa Jumapili. Mtu aliyechoka wiki nzima ana saa moja tu nzuri, ile ya asubuhi kabla ya kanisa, kichwa kimepumzika na hakuna anayemwita. Saa hiyo anaichukua na kukupigia yeye, bila kuombwa. Wewe umeiita "tunaongea kidogo". Mtu anayekukimbia hakupi saa yake nzuri, anakupa mabaki. Angalia nani anaanzisha simu siku ambayo kazi imemwachia, maana siku ya kazi haiwezi kukuonyesha hilo. Ndiyo maana pia kulala kutwa siku ya Sabasaba hakunisumbui. Angeonekana mahali anacheka na watu siku hiyo, kisha akakwambia alilala, tungeongea mengine.

Mwaka 2013 watafiti wawili, Crystal Jiang na Jeffrey Hancock, walitoa matokeo ya kufuatilia wapenzi wanaoishi karibu na wanaoishi mbali, wote wakiandika kila mawasiliano yao ya siku. Walioishi mbali waliwasiliana mara chache zaidi kwa siku, lakini walipowasiliana walifunguliana mambo ya ndani zaidi. Wakaona na jambo la pili ambalo watu hawapendi kulitaja: aliye mbali humchora mwenzake mzuri kuliko alivyo. Kwako naona mchoro huo umepinduka. Ulimchora mzuri miaka miwili, sasa unamchora mbaya, na yeye mwenyewe yuko Kisasa, hayuko kwenye mchoro wowote.

Usije ukadhani nawatetea wenye simu fupi. Nikupe upande wa pili. Binti mmoja hapa Nkuhungu alikuwa na mchumba aliyefanya kazi mgodini, kanda ya ziwa. Zamu za saa kumi na mbili, simu haingii kazini, ila siku zake za mapumziko alipiga kama saa. Dakika arobaini, hamsini. Maneno matamu, nyimbo, utani wa kutosha. Binti alitamba nasi kibarazani. Siku moja nikamuuliza, "Likizo yake inayofuata anakuja tarehe ngapi?" Hakujua. Likizo iliyopita je? Alikwenda kwao, akamwambia baada ya kurudi. Mama yake mgonjwa alikuwa hospitali gani? Alisikia kwa mtu kwamba aliugua. Kila binti alipotaja kwenda kumtembelea, jibu lilikuwa "ngoja kwanza", na hiyo "kwanza" haikuwa na tarehe. Simu zilikuwa ndefu kuliko zako zote, na ndani mlikuwa hamna chumba chake hata kimoja. Ilichukua miezi minane kuvunjika, na simu hazikufupika hata wiki moja kabla.

Umeona nilichomuuliza? Sikuuliza dakika. Niliuliza tarehe. Mwenye shughuli akiahirisha jambo lenu, mara nyingi anataja siku nyingine, au ukimsukuma kidogo anaitaja. "Jumamosi sitaweza, tufanye Jumapili jioni." Anayepoa anaahirisha na kuacha pengo. Ni jambo dogo, na mimi naliamini kuliko tiki zote.

Tiki zenyewe tuzimalize. Kwenye WhatsApp tiki moja ya kijivu maana yake meseji imetoka kwako haijafika kwake. Mbili za kijivu, imefika kwenye simu. Mbili za bluu, ameifungua. Kuifungua ni sekunde mbili akiwa foleni ya chai, kuijibu ni kitu kingine. Na neno "online" maana yake programu iko wazi mbele yake, basi. Halisemi anaongea na nani. Ofisi nyingi siku hizi zina kundi la kazi humo, na mkuu akituma jambo usiku wanaitikia. Sikuambii kwamba saa tano ile alikuwa kwenye kundi la kazi. Nakwambia kwamba kwa kuangalia simu yako huwezi kujua, hata ukikodoa mpaka alfajiri. Halafu kumbuka na wewe ulipo Mkalama mwezi wa tano na wa sita, unapima magunia vijijini mtandao unakuja na kuondoka. Meseji zake ngapi zimekaa na tiki moja mpaka uliporudi mjini? Msimu wa alizeti yako umeangukia palepale kwenye msimu wa bajeti yake. Umehesabu kuchoka kwake tu, kwako hukuweka kwenye mizani.

Na meseji zako unazotuma asubuhi zikoje? Kama ni "umeamkaje", "mambo", "mbona kimya", basi "poa" na "nipo" ndiyo majibu yake halali. Meseji inayouliza hali inapata hali. Mtumie kitu chenye mshiko: "Leo nimekutana na mzee Ikungi hataki mzani wangu, anapima kwa debe lake la mwaka 80." Hiyo anaweza kuicheka saa kumi na akawa na la kujibu. Tuma moja ya namna hiyo badala ya nne za kuhakikisha kama yupo. Zile za kuhakikisha humgeukia mtu madeni. Akifungua simu jioni anakuta deni, anaifunga, wewe unaona bluu, unatuma la tano. Mnakimbizana hivyo: wewe unasogea kwa sababu anarudi nyuma, yeye anarudi nyuma kwa sababu unasogea. Watu wawili wanaopendana vizuri tu wanaweza kuachana kwa mchezo huo.

Lile jaribio la siku mbili za kimya lilikuwa kosa, na nakwambia kwa upendo. Umejifunza nini? Kwamba mtu mwenye hesabu za kufunga alichukua siku moja na nusu kugundua. Ajabu ni kwamba hata swali lenyewe lilikuwa jema. "Uko salama?" si swali la mtu aliyehama, amehofia ajali ya pikipiki huko vijijini. Ila ubaya wa majaribio ya namna hiyo ni kwamba yanachafua ushahidi. Sasa akiwa baridi wiki hii, hutajua ni ubaridi wa zamani au ni wa kukasirika kwamba ulimnyamazia.

Na basi la kushtukiza, usilipande. Toka Singida mpaka hapa ni kilomita 240 hivi, kupitia Manyoni na Bahi, na saa zote hizo utakuwa unapika moto kichwani. Utamkuta amechoka, hajafagia, pengine na mfanyakazi mwenzake wa kiume wamekaa na makaratasi mezani. Utaona unachokwenda kukitafuta. Yeye ataona kitu kimoja tu, kwamba umekuja kumpeleleza. Nilishawahi kufanya ujinga huo mwenyewe, enzi mume wangu yuko kwenye treni za reli ya kati na barua zake zimefupika mpaka mistari minne. Nilipanda mpaka Tabora bila taarifa. Nilimkuta ana malaria, analala chumba kimoja na wenzake watatu, na alishindwa kuandika kwa sababu ya kutetemeka. Hakunigombeza. Lakini alilikumbuka miaka kumi, kila tulipokosana.

Sasa twende kwenye lile linalonitia wasiwasi kweli, "tutaongea". Hapa siwezi kukupa faraja ya haraka, maana hilo ndilo jambo linalofunga watu wawili, na ndilo lisilo na tarehe. Kama ni moyo kupoa, utaanzia hapa. Lakini kabla hujahukumu, angalia posa hiyo imebeba nini ndani. Yeye ni mtumishi wa serikali, kituo chake ni Dodoma. Wewe biashara yako ni Singida, na alizeti haiwezi kukufuata Kisasa. Barua ikipokelewa kwao, swali la pili la wazee, baada ya mahari, ni mtaishi wapi. Je, mmeliongea? Mtumishi anaweza kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza, lakini cheti cha ndoa kinakuja kwanza, maombi yanafuata, na nafasi iwepo kule anakotaka kwenda. Hakuna anayemhakikishia. Mhasibu wa wizara anajua hayo yote. Inawezekana kila ukisema posa, yeye anasikia, "Uko tayari kuiacha Dodoma?" na hajui ajibu nini saa tatu usiku akiwa na hati za kurekebisha. Huko ni kuogopa, na kuogopa kunafanana sana na kupoa ukikusikia kwa simu. Kinachovitenganisha ni kwamba mwenye hofu akipewa nafasi ya kuitaja hofu, anaongea, tena anaongea sana. Aliyepoa anashukuru tu mazungumzo yakiisha.

Kwa hiyo Jumapili hii akipiga, usimgusie tiki wala Jumamosi usiku. Muulize kwanza za zile hati ziliishaje. Halafu mwambie maneno yako mwenyewe, yanayofanana na haya: "Nilikaa kimya siku mbili kwa makusudi, nilikosea. Nilikuwa naogopa. Simu za kila siku naona zinatuchosha wote wawili mpaka Septemba. Tuchague siku tatu, wewe ndiyo utaje, nami nitakaa karibu na simu. Siku nyingine ukiweza nitumie sauti ya nusu dakika ukiwa njiani." Mwache ataje siku mwenyewe. Usimtajie.

Kisha posa, na uulize tofauti na ulivyozoea. Badala ya "lini", muulize, "Ukifikiria posa, unaogopa nini kwanza, kwetu au kazi yako?" Ukishauliza nyamaza. Najua kunyamaza kwenye simu kunauma, unafikiri mtandao umekata. Vumilia.

Baada ya hapo angalia wiki tatu, usiangalie siku tatu. Atazikosa baadhi ya simu hizo, jiandae. Unachokitazama ni zinapokosekana. Akikwambia kabla, au kesho yake akataja saa ya kufidia, huyo ni mtu mwenye kazi nyingi na wewe bado uko ndani ya hesabu zake. Zikipita zote bila neno, na wewe ukawa ndiye pekee unayekumbuka kwamba kulikuwa na siku, na swali la hofu likajibiwa tena "tutaongea", basi mwanangu usingoje Oktoba. Muulize waziwazi kama bado anataka ndoa hii, na ukubali jibu atakalotoa, hata likiwa kimya. Kuna na jambo la tatu ambalo mara nyingi tunalisahau: mkopo uliomkaba, ugonjwa, matatizo ya kwao anayoona haya kuyasema. Hilo nalo linatokea kwenye swali la hofu likiulizwa kwa upole, halitokei kwa kupeleleza saa za onlaini.

Unataka kuja Dodoma, njoo. Nanenane hiyo iko mbele, mabanda yatajaa pale Nzuguni, na mtu wa alizeti ana sababu zake za kwenda kuangalia mashine za kukamua. Ila mwambie leo, na tarehe uitaje: nafika siku fulani, nitalala kwa fulani, nipe saa mbili zako, mchana au jioni, uchague wewe. Usiongeze neno la kumbembeleza. Tuma hiyo meseji, weka simu mfukoni, nenda kapime magunia yako, na jioni usome amechagua saa ngapi.

Shangazi yako, Dodoma